Kutoa sauti kwa ajili ya taimlaini ya video: mwongozo kamili wa kuepuka sauti inayoachana na picha

Fundi wa Kamukunji, Nairobi, anapokunja bati, nyundo yake inafanya kazi sawa na kibao cha filamu, kile kinachogongwa mbele ya kamera ili sauti ilinganishwe na picha. Kwenye picha unaona fremu moja ambapo chuma kimegusa bati, na kwenye wimbi la sauti unaona mstari mmoja mrefu uliosimama wima. Viwili hivyo vikiachana kwa fremu tatu tu, mtazamaji anahisi kuna kitu hakiko sawa hata kama hawezi kusema ni nini. Ndiyo maana nitaeleza mambo yote haya kwa kutumia kazi moja ya aina hiyo.

Kazi yenyewe ni mahojiano na fundi anayetengeneza masanduku ya bati, yenye urefu wa dakika 40 na sekunde 12. Kamera ilirekodi fremu 25 kwa sekunde. Sauti ilinaswa kando, kwa maikrofoni ya kifuani iliyounganishwa na kinasa kidogo, kwa hezi 48,000, biti 24, mono. Mtu wa sauti akaenda nayo nyumbani, akapunguza kelele katika Audacity, kisha akatoa MP3, kwa kuwa bando ni pesa na faili la megabaiti 29 linatumwa haraka. Kwenye dirisha la kutoa faili hakugusa sehemu ya Bit Rate Mode, na kiwango cha biti kikabaki kile kinachopanda na kushuka, yaani VBR.

Mhariri alipoliweka faili kwenye taimlaini, dakika za mwanzo zilikwenda vizuri. Alipofika dakika ya 31, nyundo iligonga na sauti ikafuata karibu nusu sekunde baadaye. Akarudi nyuma dakika moja, akacheza bila kusimama hadi pale pale, na pigo lile lile safari hii likaachana na picha kwa kiasi tofauti. Shika jambo hilo la mwisho, kwa sababu ndilo linalotaja ugonjwa.

Kinachotokea ndani ya faili

MP3 imekatwa vipande vidogo. Kila kipande kinabeba sampuli 1,152 za sauti, ambazo kwa hezi 48,000 ni milisekunde 24 kamili. Mahojiano yetu ya sekunde 2,412 yana vipande 100,500. Urefu wa kila kipande kwa muda haubadiliki kamwe. Kinachobadilika kwenye VBR ni idadi ya baiti ambazo kipande kinachukua kwenye diski: fundi akinyamaza, kipande kinabanwa kikawa kidogo sana, nyundo ikilia, kinakuwa kikubwa mara kadhaa.

Sasa fikiria programu ya kuhariri inapoambiwa iruke hadi dakika ya 31. Faili likiwa la kiwango kimoja, yaani CBR, kazi ni hesabu ya kugawanya na kuzidisha tu, kwa kuwa vipande vyote vina ukubwa unaolingana. Faili likiwa la WAV ni rahisi zaidi: kila sekunde ya mono ya biti 24 ni baiti 144,000, kwa hiyo dakika ya 31 inaanza baiti 267,840,000 baada ya mwanzo wa sauti. Hakuna la kubahatisha hapo. Kwenye VBR hesabu hiyo haipo. Ama programu ipitie faili zima kutoka mwanzo na kujiandikia orodha ya mahali kila kipande kilipo, ama itegemee kijedwali kilichowekwa mwanzoni mwa faili.

Kijedwali hicho, ambacho huitwa Xing, kina nafasi 100 tu kwa faili zima, liwe refu au fupi. Kwa mahojiano yetu, nafasi moja inasimamia zaidi ya sekunde 24. Isitoshe, kila nafasi imeandikwa kwa baiti moja, yaani mahali panatajwa kwa kipimo cha sehemu moja ya 256 ya faili. Kati ya nafasi moja na inayofuata, programu inachora mstari ulionyooka na kudhani baiti zimegawanyika sawasawa. Lakini ndani ya sekunde hizo 24 fundi amezungumza kidogo, amenyamaza, kisha amepiga nyundo mara kumi. Baiti hazikugawanyika sawasawa hata kidogo. Programu inatua pabaya huku ikiamini imetua pazuri, na inaandika dakika ya 31 juu ya sauti ambayo si ya dakika ya 31.

Hali ni mbaya zaidi kijedwali kikikosekana kabisa, jambo linalotokea faili likikatwa na programu isiyojali au likirekodiwa moja kwa moja kutoka kwenye matangazo. Hapo programu nyingine hutazama kiwango cha kipande cha kwanza na kudhani faili lote liko hivyo. Tuseme mwanzo ni ukimya uliobanwa kwa kilobiti 32 kwa sekunde, wakati wastani wa faili ni 96. Mahojiano ya dakika 40 yataonyeshwa yana urefu wa saa mbili na zaidi. Urefu ukikushangaza namna hiyo unapoingiza faili, simama hapo hapo, usikate chochote.

Ziko programu za kuhariri zinazopitia faili zima wakati wa kuingiza, na humo VBR inaweza kwenda salama. Usiliwekee jambo hilo matumaini. Mradi ukihamia kompyuta nyingine, toleo lingine au programu nyingine, tabia inabadilika na mikato yako yote inakwenda mrama.

Kuhakikisha ni VBR kweli

Njia ya haraka ni programu ya MediaInfo. Fungua faili, tafuta mstari wa `Bit rate mode`. Ukiona `Variable`, umeshajua. Kama una ffmpeg kwenye kompyuta, unaweza kuviangalia vipande vyenyewe:

```
ffprobe -v error -select_streams a:0 -show_entries packet=size -of csv=p=0 mahojiano.mp3 | sort -n | uniq -c
```

Amri hii, kwenye terminali ya Linux au Mac, inahesabu vipande kwa ukubwa wake. MP3 ya CBR ya kilobiti 128 kwa hezi 48,000 itakupa ukubwa mmoja, baiti 384. Kwa hezi 44,100 utaona ukubwa wa aina mbili, 417 na 418, na hiyo bado ni CBR, kwa kuwa mgawanyo hautoki namba kamili. VBR itakumwagia orodha ya ukubwa wa kila namna.

Angalia pia kama ffmpeg inatoa onyo hili unapofungua faili:

```
Estimating duration from bitrate, this may be inaccurate
```

Maana yake ni kwamba urefu unaouona ni wa kukisia.

Usichanganye hili na tatizo jingine lenye jina linalofanana. Video za simu mara nyingi zina idadi ya fremu inayobadilika, na hiyo nayo huachanisha sauti na picha. MediaInfo huionyesha kwenye mstari wa `Frame rate mode`, upande wa video. Nitaigusa baadaye, lakini dawa yake ni nyingine.

Kutoa faili upya kutoka Audacity

Dawa ya kweli iko kwa mtu wa sauti, kwa kuwa yeye ndiye mwenye rekodi ambayo haijabanwa. Ujumbe wa kumtumia uwe kamili, usiache nafasi ya yeye kuamua kwa niaba yako. Mimi ningeandika hivi: “Boss, naomba ile sauti ya Kamukunji kama WAV, hezi 48,000, biti 24, mono, kutoka mwanzo wa rekodi hadi mwisho wake. Usikate popote, hata pale tulipokuwa tunapanga taa. Nitumie kwa Drive.”

Kwake yeye kazi ni fupi, ila ina mitego miwili. Kabla ya kutoa chochote, ahakikishe usafishaji haukubadilisha urefu. Noise Reduction haigusi urefu. Truncate Silence inaugusa, maana kazi yake hasa ni kufupisha vimya, na ikishapita juu ya mahojiano hakuna faili duniani litakalolingana na kamera tena. Vivyo hivyo kufuta kikohozi kwa kitufe cha Delete: kila kilicho mbele kinasogea nyuma. Kikohozi kinyamazishwe kwa Silence Audio, ambayo ni Ctrl na L, ili nafasi yake ibaki.

Kisha aende File, halafu Export Audio. Kwenye Audacity 3.4 na matoleo yaliyofuata, dirisha linalofunguka lina kila kitu mahali pamoja. Format iwe WAV (Microsoft). Channels iwe Mono, kwa kuwa maikrofoni ilikuwa moja. Kutoa stereo ni kuongeza ukubwa mara mbili bila faida. Sample Rate iwe 48000 Hz. Encoding iwe Signed 24-bit PCM. Kwa Export Range achague Entire Project.

Mtego wa pili uko papo hapo. Dirisha hilo lina kisanduku kilichoandikwa `Trim blank space before first clip`. Kikiwa na alama, na kama klipu haianzi sifuri kwenye mradi wake, nafasi tupu ya mwanzo inakatwa na faili zima linasogea. Kiondolewe alama. Faili lianze pale mradi unapoanzia, hata kama sekunde za kwanza ni kimya kitupu.

Kwa nini hezi 48,000? Kwa sababu ndicho kipimo cha sauti ya video, na kamera nayo ilirekodi hivyo. Ukileta 44,100, programu itabadilisha yenyewe, na kwa kawaida itafanya vizuri. Lakini ikitokea mahali fulani faili likasomwa kwa kipimo kisicho chake, sauti itakwenda kasi au polepole kwa karibu asilimia 9, na utaitambua mara moja kwa sauti ya fundi kuwa nyembamba au nzito isivyo kawaida.

Kulituma bila kulibana vibaya

WAV ya mahojiano yetu ina megabaiti 347. Si faili dogo kwa mtu anayetegemea bando la simu. Hapo ndipo wengi hurudi kwenye MP3, na hapo ndipo FLAC inapofaa. FLAC inabana bila kupoteza hata sampuli moja, na kwa mazungumzo ya mtu mmoja mara nyingi inafika karibu nusu ya ukubwa wa WAV. Mtu wa sauti achague FLAC Files kwenye dirisha lile lile, biti 24. Akituma kwa WhatsApp, atume kama dokumenti, si kama sauti.

Ikifika, ifungue iwe WAV kabla haijagusa mradi:

```
ffmpeg -i mahojiano.flac -c:a pcm_s24le mahojiano_v2.wav
```

Najua ziko programu zinazoisoma FLAC moja kwa moja. Hata hivyo si zote, na hatua hii haichukui hata dakika moja. FLAC iwe ya safarini, WAV iwe ya taimlaini.

MP3 ikiwa ndiyo pekee iliyobaki

Inatokea. Kadi ya kinasa imeshafutwa, au mradi wa Audacity umepotea. Basi ifungue MP3 yote kwa mkupuo mmoja:

```
ffmpeg -i mahojiano.mp3 -vn -ar 48000 -c:a pcm_s24le mahojiano_v2.wav
```

Hii inafaulu kwa sababu ffmpeg hairuki popote. Inaanza kipande cha kwanza, inakwenda cha pili, cha tatu, hadi cha mwisho, na kila kimoja kinatoa milisekunde zake 24. Kosa la VBR halikuwa kwenye sauti yenyewe. Lilikuwa kwenye kuruka. Ukiondoa kuruka, muda unarudi mahali pake. Ubora uliopotea wakati wa kubana haurudi, na biti 24 hapa hazikuongezei kitu cha kusikika, ila hazidhuru.

Ushauri unaozunguka sana ni kugeuza VBR iwe MP3 ya CBR ya kilobiti 320. Siupendi. Kweli, kuruka kutakuwa sahihi, lakini umeibana sauti mara ya pili, na umebaki na tatizo la mwanzo wa faili ambalo MP3 zote zinalo: kibanaji huongeza sampuli chache za kimya mbele kabla ya sauti halisi. Kwa kibanaji cha LAME, ukijumlisha na kuchelewa kwa kifunguaji, ni sampuli 1,105, ambazo kwa hezi 48,000 ni milisekunde 23. LAME huandika kiasi hicho mwanzoni mwa faili, na ffmpeg hukisoma na kukikata. Maandishi hayo yasipokuwapo, ongezeko linabaki. Ni zaidi kidogo ya nusu ya fremu, kwa hiyo midomo haitaonekana kuachana. Lakini ukiicheza pamoja na sauti ya kamera, utasikia mwangwi mfupi, kama mtu anayezungumza ndani ya pipa. Ukiusikia, isogeze klipu nyuma, kuelekea mwanzo wa taimlaini, kwa kiasi hicho, au uizime sauti ya kamera.

AAC ina jambo kama hilo. Kibanaji cha Apple huongeza sampuli 2,112, ambazo ni milisekunde 44, zaidi ya fremu moja nzima kwa fremu 25. Hata hivyo faili la .m4a ni salama kuliko MP3 ya VBR kwa habari ya kuruka, kwa sababu ganda lake lina jedwali linaloonyesha mahali pa kila kipande, si nafasi 100 za kukisia. Lililo baya ni .aac lisilo na ganda. Yote mawili yafungue kuwa WAV kwa amri ile ile. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp, ambao ni Opus, nao ufungue hivyo hivyo.

Sauti iliyo ndani ya video ya simu

Tuseme msaidizi alirekodi nyundo kwa simu, na unaitaka sauti ile. Hapa kuna mtego ambao amri ya juu haiuoni. Ndani ya faili la video, sauti inaweza kuanza kidogo baada ya picha, na katikati panaweza kuwa na mapengo ambapo simu ilishindwa kuandika. Ukiitoa sauti kwa amri ya kawaida, vipande vinaunganishwa kama hakuna pengo, na kila pengo linaisogeza sauti iliyobaki. Amri hii inajaza mapengo kwa kimya na kuulinda mwanzo:

```
ffmpeg -i simu.mp4 -vn -af aresample=async=1:first_pts=0 -ar 48000 -c:a pcm_s24le simu_sauti.wav
```

Kuhakiki kabla ya kukata

Uhakiki una sehemu mbili: namba na masikio. Tuanze na namba.

```
ffprobe -v error -show_entries stream=sample_rate,duration_ts -of default=nw=1 mahojiano_v2.wav
```

Kwenye WAV, `duration_ts` ni idadi ya sampuli. Mahojiano yetu ni sekunde 2,412, kwa hiyo tunatarajia 115,776,000. Muulize mtu wa sauti mradi wake unaonyesha urefu gani, uzidishe kwa 48,000, ulinganishe. Namba zikilingana, faili limefika zima. Likiwa fupi kwa sekunde kadhaa, kuna mahali palikatwa, na ni bora ujue sasa kuliko ukiwa na mikato 200. Kwa faili lililotoka MP3, tofauti ya sampuli elfu moja au mbili isikusumbue.

Kisha masikio. Weka video na WAV kwenye taimlaini ya fremu 25 na hezi 48,000. Hakikisha mpangilio huo mapema, kwa sababu DaVinci Resolve, kwa mfano, haikuruhusu kubadilisha idadi ya fremu za mradi baada ya kazi kuanza. Tafuta pigo la nyundo karibu na mwanzo. Nenda fremu moja moja hadi uione nyundo imegusa bati, kisha usogeze WAV mpaka mstari wake mrefu uwe ndani ya fremu hiyo. Fremu moja ni sampuli 1,920, kwa hiyo kuza wimbi vya kutosha. Usikisie kwa umbali.

Sasa ruka hadi pigo lililo karibu na mwisho, tuseme dakika ya 38. Usicheze kutoka mwanzo. Ruka kabisa, maana kuruka ndiko tunakokupima. Pigo likiwa ndani ya fremu yake, ruka hadi katikati, dakika ya 20. Kisha rudi dakika ya 31, mahali palipotusumbua. Yote yakikaa, faili ni zuri.

Ikiwa mahojiano hayana nyundo, omba makofi mawili mbele ya kamera, moja mwanzoni na jingine mwishoni kabla ya kuzima. Kofi la mwisho ndilo linalosahaulika, ilhali ndilo lenye habari: kofi la kwanza linakuambia wapi pa kuanzia tu, la mwisho linakuambia kama njiani palikuwa salama.

Kwa sauti isiyo na picha yake, kama maelezo ya msimulizi au muziki uliochanganywa, mtu wa sauti aweke mlio wa hezi 1,000 wenye urefu wa fremu moja, sekunde mbili kabla ya mwanzo, na mwingine sekunde mbili baada ya mwisho. Katika Audacity ni Generate, kisha Tone, mawimbi ya Sine, Amplitude 0.1, urefu wa sekunde 0.04. Wewe unalinganisha milio miwili na fremu zilizopangwa, basi.

Kulibadilisha faili kwenye mradi wenye mikato

Mhariri wetu alikuwa ameshakata nusu ya filamu kwa kutumia MP3. Asianze upya, lakini pia asidhani kubadilisha faili kunamaliza mambo.

Kwanza, jina jipya ni lazima. Ndiyo maana hapo juu niliandika `_v2`. Programu za kuhariri huhifadhi picha ya wimbi na nakala za kufanyia kazi kwenye akiba yake, na faili jipya likiwa na jina la zamani unaweza kuangalia wimbi la zamani juu ya sauti mpya. Kwenye Premiere Pro tumia Replace Footage. Kwenye Resolve tumia Replace Selected Clip.

Pili, mikato inabeba namba za muda wa chanzo. Ukileta WAV, namba zile zile zinaelekeza kwenye sauti sahihi ya muda huo. Klipu ambazo hazikuguswa zitajirekebisha zenyewe. Lakini pale ambapo mhariri alisogeza klipu kwa mkono ili kuficha kuachana, sasa msogezo ule ndio unaokuwa kosa. Na pale alipokata kwa kusikiliza, mwisho wa sentensi unaweza kuwa umekatika au neno la swali linachungulia. Apitie mkato mmoja baada ya mwingine, akianzia sehemu za mwishoni mwa mahojiano. Ni kazi ya kuchosha, na haina njia ya mkato.

Ikiwa bado zinaachana

WAV ikishaingia na bado kuna tofauti, angalia inakuaje. Ikiwa ni ile ile kutoka mwanzo hadi mwisho, ni suala la mahali pa kuanzia tu, sogeza klipu. Ikiwa inaongezeka taratibu na kwa usawa, sifuri mwanzoni, fremu moja na nusu katikati, fremu tatu mwishoni, basi saa ya kinasa na saa ya kamera haziendi sawa. Fremu tatu ni milisekunde 120 katika sekunde 2,412, yaani tofauti ya sehemu 50 kwa milioni, kiasi cha kawaida kwa vifaa viwili visivyofungwa pamoja. Kwa mahojiano, dawa ninayoiamini ni kukata sauti mahali fundi anaponyamaza, kila dakika kumi hivi, na kusogeza kipande kinachofuata kwa fremu moja. Hakuna atakayesikia.

Ikiwa tofauti inakuja na kuondoka bila mpango, na video ni ya simu, rudi kwenye `Frame rate mode`. Ikiwa ni `Variable`, igeuze video iwe ya fremu zisizobadilika kabla ya kuendelea:

```
ffmpeg -i simu.mp4 -fps_mode cfr -r 30 -c:v libx264 -crf 16 -c:a pcm_s24le simu_cfr.mov
```

Nimeandika 30 kwa kuwa simu nyingi hurekodi karibu na hapo. Tazama MediaInfo na uweke namba ya simu yako. Usilazimishe 25 hapa, utapata mwendo wa kukwaruzana.

Filamu ikikamilika, huna haja ya kuiogopa AAC. Unapotoa faili la mwisho la YouTube au la kituo kitakacholipokea hivyo, sauti inafungwa pamoja na picha, kila kipande kikiwa na muda wake, na mtazamaji anaicheza tu. Lakini folda ya mradi ihifadhiwe na WAV zake zote. Mteja akirudi kutaka toleo fupi, kata kutoka kwenye hizo, si kutoka kwenye faili lililopandishwa mtandaoni.